Kikomo chenye mzizi unaojirudia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mgawanyo sintetiki na kukata mara mbili

Maswali yaliyo hapa chini yanatoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaohudhuria masomo ya ziada ya hisabati hapa Mwanza. Mengine yameletwa kwa ujumbe wa simu na wenzao walioko Sengerema na Ukerewe, ambao hawawezi kuvuka kuja mjini kila wiki. Karibu yote yanahusu hesabu ya aina moja, ile ambayo mwanafunzi anapata 0/0, anakata kigawo kama alivyofundishwa, anaweka tena namba, kisha anapata 0/0 kwa mara ya pili na kudhani kwamba amekosea. Majibu yote yanatumia mfano mmoja ili msomaji aufuate mwanzo hadi mwisho. Tutaita namba ya juu ya sehemu kiasi, na ya chini asili, kama tulivyozoea tangu shule ya msingi.

Mfano wenyewe ni upi?

Tunatafuta kikomo hiki:

```
        x^4 - 3x^3 + 3x^2 - 8x + 12
lim    -----------------------------
x→2           x^3 - 3x^2 + 4
```

Jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kushika njia yoyote, ni kuweka 2 mahali pa x juu na chini. Juu tunapata 16 - 24 + 12 - 16 + 12, ambayo ni 0. Chini tunapata 8 - 12 + 4, ambayo pia ni 0. Hatua hii isirukwe hata pale ambapo swali linaonekana wazi kuwa ni la kukata, kwa sababu endapo asili isingekuwa sifuri jibu lingepatikana hapo hapo, na kazi yote inayofuata isingehitajika.

Je, 0/0 maana yake hakuna kikomo?

Hapana. Matokeo ya 0/0 hayasemi kwamba kikomo kipo wala kwamba hakipo. Yanasema tu kwamba kuweka namba moja kwa moja hakujatosha kutoa uamuzi. Hata hivyo yanatupatia habari moja yenye manufaa makubwa. Polinomia yoyote inayokuwa sifuri pale x inapokuwa 2 ina x - 2 kama kigawo chake. Kwa kuwa hapa kiasi na asili zote mbili zimekuwa sifuri, tunajua bila kubahatisha kwamba x - 2 imo juu na imo chini. Kilichobaki ni kuitoa, na kuangalia imo mara ngapi.

Mwanafunzi aliyezoea maswali mepesi, yenye x² juu na chini, huitoa kwa kutafuta vigawo kwa macho. Hapa juu kuna x⁴ na chini kuna x³, na kubahatisha vigawo vya polinomia ya kipeo cha nne ni kupoteza muda. Ndipo mgawanyo sintetiki unapoingia.

Mgawanyo sintetiki unafanywaje kwa kiasi hiki?

Tunaandika vizigeu peke yake, kuanzia kile cha kipeo kikubwa hadi namba isiyo na x, kila kimoja na alama yake: 1, -3, 3, -8, 12. Pembeni tunaandika 2, yaani namba inayoifanya x - 2 kuwa sifuri. Kisha tunashusha kizigeu cha kwanza kama kilivyo, tunakizidisha kwa 2, tunaandika jibu chini ya kizigeu kinachofuata, tunajumlisha, na kurudia hivyo hadi mwisho wa mstari.

```
2 |  1   -3    3   -8   12
  |       2   -2    2  -12
  ------------------------
     1   -1    1   -6    0
```

Tuufuate mstari taratibu, kwa kuwa makosa mengi hutokea hapa. Namba 1 imeshuka. Mara 2 ni 2. -3 na 2 ni -1. Mara 2 ni -2. 3 na -2 ni 1. Mara 2 ni 2. -8 na 2 ni -6. Mara 2 ni -12. 12 na -12 ni 0. Namba ya mwisho ndiyo baki, na lazima iwe sifuri, kwa sababu baki hiyo si kitu kingine bali ni thamani ya polinomia pale x inapokuwa 2, nasi tulishaipata kuwa sifuri. Ukipata baki tofauti usiendelee: ama umekosea kujumlisha, ama umekosea kunakili vizigeu.

Namba nne zilizobaki upande wa kushoto ni vizigeu vya jibu la mgawanyo, na kipeo kinashuka kwa moja. Kiasi kimegeuka kuwa (x - 2)(x³ - x² + x - 6).

Kwa nini baki yangu ya asili ilikuwa 2 badala ya 0?

Swali hili ndilo linaloletwa kuliko yote, na jibu lake ni lile lile kila mara: sifuri imeachwa. Asili ni x³ - 3x² + 4, nayo haina x ya kipeo cha kwanza. Aliyeandika 1, -3, 4 amegawanya polinomia nyingine kabisa, x² - 3x + 4, ambayo kwa kweli ni 2 pale x inapokuwa 2. Mgawanyo wake haukukosea, bali uligawanya kitu ambacho hakikuulizwa. Kila kipeo kinachokosekana kinapaswa kuwekewa 0 mahali pake:

```
2 |  1   -3    0    4
  |       2   -2   -4
  -------------------
     1   -1   -2    0
```

Asili ni (x - 2)(x² - x - 2). Njia rahisi ya kujikinga ni kuhesabu vizigeu kabla ya kuanza. Polinomia ya kipeo cha tatu ina vizigeu vinne, ya kipeo cha nne ina vitano, na ukiona vimepungua, kuna sifuri uliyoisahau.

Nimekata x - 2, nimeweka 2 tena, na nimepata 0/0 nyingine. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Baada ya kukata mara ya kwanza tumebaki na:

```
        x^3 - x^2 + x - 6
lim    -------------------
x→2        x^2 - x - 2
```

Ukiweka 2, juu unapata 8 - 4 + 2 - 6, ambayo ni 0, na chini unapata 4 - 2 - 2, ambayo ni 0. Maana yake ni kwamba x - 2 haikuwamo mara moja tu, bali bado imo juu na chini. Hivyo ndivyo mzizi unaojirudia unavyojionyesha: namba ile ile 2 inaifanya polinomia kuwa sifuri, na hata baada ya kigawo kimoja kuondolewa inaendelea kuifanya sifuri. Ni kama sato aliyenunuliwa pale mwaloni Kirumba akafungwa kwa magazeti mawili. Gazeti la kwanza likiondoka na bado huoni samaki, haina maana kwamba samaki hayumo.

Wapo wanaoacha hapa na kuandika kwamba kikomo hakipo, na wapo wanaoandika kwamba ni 1 kwa hoja kuwa sifuri kwa sifuri ni moja. Majibu yote mawili si sahihi. La pili linasikitisha zaidi, kwa sababu mwanafunzi huyo amefanya mgawanyo vizuri kisha ameharibu kazi yake katika mstari mmoja ambao haukuhitajika.

Mzunguko wa pili unafanywaje?

Unafanywa vile vile, isipokuwa sasa vizigeu vinachukuliwa kutoka kwenye majibu ya mgawanyo wa kwanza, wala si kutoka kwenye swali la mwanzo. Hakuna haja ya kuandika upya. Unaweza kuendelea chini ya mstari ule ule. Kwa kiasi:

```
2 |  1   -1    1   -6
  |       2    2    6
  -------------------
     1    1    3    0
```

Kwa asili:

```
2 |  1   -1   -2
  |       2    2
  --------------
     1    1    0
```

Kiasi chote cha mwanzo ni (x - 2)²(x² + x + 3), na asili yote ni (x - 2)²(x + 1). Tukikata x - 2 ya pili tunabaki na:

```
        x^2 + x + 3
lim    -------------  =  9/3  =  3
x→2       x + 1
```

Sasa asili si sifuri tena, kwa hiyo tunaweka 2 na kupata 9 juu na 3 chini. Kikomo ni 3.

Angalizo moja la uandishi. Neno lim linapaswa kubaki mbele ya kila mstari hadi pale unapoweka namba, na katika mstari unaoweka namba liondolewe. Anayeliacha mapema anadai kwamba sehemu ya kwanza ni sawa na 3, jambo ambalo si kweli kwa kila thamani ya x. Anayeliendeleza hadi mbele ya 9/3 hajaharibu hesabu, lakini ameandika kitu kisicho na kazi.

Tunaruhusiwaje kukata x - 2 ilhali yenyewe ni sifuri?

Swali hili ni zuri kuliko wanavyodhani wengi wanaoliuliza kwa aibu. Kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi, na hakuna ruhusa maalumu inayotolewa kwa ajili ya vikomo. Tunachotegemea ni maana ya kikomo yenyewe. Tunaposema x inakaribia 2, tunazungumzia thamani za x zilizo karibu na 2 kwa kadiri tupendayo, lakini ambazo si 2. Kwa kila thamani ya namna hiyo, x - 2 ni namba ndogo isiyo sifuri, na kuikata juu na chini ni halali kama kukata 5 katika 15/20. Jambo hilo ni kweli katika mzunguko wa kwanza na ni kweli katika wa pili.

Kwa hiyo fankisheni ya mwanzo na ile iliyobaki baada ya kukata zinalingana kila mahali isipokuwa pale x inapokuwa 2. Ile ya mwanzo haina thamani yoyote hapo, na grafu yake ina tundu dogo kwenye nukta (2, 3). Iliyobaki haina tundu. Kikomo hakijali tundu hilo, kwa kuwa hakiulizi kinachotokea pale penyewe. Hali ni tofauti kabisa pale x inapokuwa -1: hapo asili ni sifuri lakini kiasi ni 27, hakuna cha kukata, na grafu inapaa au kushuka bila ukomo. Tundu na mpasuko wa namna hiyo visichanganywe, ingawa fankisheni haina thamani katika sehemu zote mbili.

Nitahakikishaje kwamba 3 ni sahihi?

Njia ya kwanza ni kuweka namba zilizo karibu na 2 pande zote mbili. Katika sehemu iliyobaki, x ikiwa 1.9 tunapata 8.51/2.9, ambayo ni karibu 2.934; ikiwa 2.1 tunapata 9.51/3.1, ambayo ni karibu 3.068. Ukisogea zaidi, 1.99 inatoa karibu 2.993 na 2.01 inatoa karibu 3.007. Pande zote mbili zinaisogelea 3.

Uhakiki ulio bora ni kuweka namba hizo katika sehemu ya mwanzo, kabla ya kukata chochote, kwa kuwa ukikosea katika kukata, sehemu iliyobaki itakubaliana na kosa lako. Lakini hapo kuna mtego ambao huwakumba wenye bidii. Mwanafunzi mmoja aliweka 2.0000001 katika kikokotoo chake kwa imani kwamba kadiri anavyokuwa karibu ndivyo jibu linavyokuwa safi, na kikokotoo kikakataa kutoa jibu. Sababu ni mzizi kujirudia. Kwa thamani hiyo x - 2 ni 10⁻⁷, lakini kinachoingia katika kiasi ni mraba wake, 10⁻¹⁴, hivyo kiasi halisi ni karibu 9 × 10⁻¹⁴. Kikokotoo kinakipata kwa kujumlisha na kutoa namba kubwa kama 16 na 24, na kama kinabeba tarakimu takribani 15 tu, tarakimu zote zenye maana zinapotea katika kutoa huko. Kinachobaki ni sifuri, au namba isiyo na uhusiano na swali. Mzizi usiojirudia ungevumilia ukaribu huo, unaojirudia hauvumilii. Tumia 2.01 na 1.99, na kwa kawaida zinatosha.

Je, siwezi kutumia kanuni ya L'Hôpital na kuachana na mgawanyo huu?

Unaweza, iwapo swali halijataja njia, lakini utalazimika kuitumia mara mbili kwa sababu ile ile inayotulazimisha kukata mara mbili. Kwa difrensiesheni ya kwanza juu tunapata 4x³ - 9x² + 6x - 8 na chini 3x² - 6x, na zote ni sifuri pale x inapokuwa 2. Kwa ya pili tunapata 12x² - 18x + 6 na 6x - 6, yaani 18 na 6, na jibu ni 3. Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1696 katika kitabu cha Guillaume de l'Hôpital, ambaye alikuwa amefundishwa na Johann Bernoulli, na ni Bernoulli anayehesabiwa kuwa mgunduzi wake.

Kinachopendeza ni kwamba njia hizi mbili zinafanya jambo moja. Tuendelee na mgawanyo kwa mzunguko wa tatu, bila kujali kwamba hakuna tena cha kukata:

```
2 |  1    1    3          2 |  1    1
  |       2    6            |       2
  --------------            ---------
     1    3    9               1    3
```

Baki ni 9 juu na 3 chini, namba zile zile tulizozipata kwa kuweka 2 mwishoni. Baki ya mzunguko wa kwanza ni thamani ya polinomia, ya mzunguko wa pili ni thamani ya difrensiesheni yake ya kwanza, na ya mzunguko wa tatu ni nusu ya thamani ya difrensiesheni yake ya pili: nusu ya 18 ni 9, na nusu ya 6 ni 3. Nusu hizo zinakatana, ndiyo maana 18/6 na 9/3 ni jibu moja. Kwa hiyo anayependa mgawanyo anaweza kugawanya juu na chini hadi baki isiyo sifuri ijitokeze, kisha akalinganisha baki hizo, bila kuandika polinomia yoyote katikati. Binafsi naiona kuwa njia fupi na yenye makosa machache kuliko difrensiesheni mara mbili, ingawa katika karatasi ya mtihani ni busara kuonyesha pia vigawo ili mtahini afuate hoja.

Utaratibu huu wa kushusha, kuzidisha na kujumlisha mara nyingi huitwa kwa jina la Mwingereza William George Horner, aliyeandika kuhusu njia yake mwaka 1819. Mwitaliano Paolo Ruffini alikuwa ameshatumia njia kama hiyo kabla yake.

Itakuwaje kama x - 2 imo mara mbili chini lakini mara moja tu juu?

Hapo ndipo 0/0 ya kwanza inapofuatwa na kitu kingine. Chukua (x² + x - 6) juu ya asili yetu ile ile. Kiasi ni (x - 2)(x + 3). Tukikata mara moja tunabaki na (x + 3) juu ya (x - 2)(x + 1), na tukiweka 2 tunapata 5/0. Hii si 0/0, na hakuna tena cha kukata juu. Kikomo hakipo. Upande wa kulia wa 2 thamani zinakua bila ukomo: kwa 2.1 tunapata karibu 16.5. Upande wa kushoto zinashuka bila ukomo: kwa 1.9 tunapata karibu -16.9.

Kinyume chake, kama x - 2 imo mara nyingi zaidi juu kuliko chini, itabaki juu baada ya kukata, na kikomo ni 0. Idadi zikilingana, kama katika mfano wetu, kikomo ni namba isiyo sifuri. Kabla ya kuandika jibu, basi, angalia mzunguko upi umetoa baki isiyo sifuri juu na upi umetoa baki hiyo chini.

Kama kigawo ni x + 3 au 2x - 1, namba ya pembeni ni ipi?

Ni ile inayokifanya kigawo kuwa sifuri: -3 kwa cha kwanza na 1/2 kwa cha pili. Kwa 1/2, mgawanyo unatoa kigawo cha x - 1/2 na si 2x - 1, hivyo 2 inabaki ndani ya jibu la mgawanyo. Haileti madhara mradi unakata x - 1/2 juu na chini. Madhara huja pale mtu anapogawanya kwa 1/2 halafu akaandika kwamba amekata 2x - 1 upande mmoja tu.

Na pale swali linapotoa herufi badala ya vizigeu?

Aina hii inapendwa na watunzi wa mitihani, na mgawanyo sintetiki unaimudu vizuri kuliko njia nyingine. Tuseme tumeambiwa kwamba kikomo hiki kipo na ni namba ya kawaida, kisha tutafute a na b:

```
        x^4 - 3x^3 + 3x^2 + ax + b
lim    ----------------------------
x→2           x^3 - 3x^2 + 4
```

Tunajua kwamba asili ina x - 2 mara mbili. Kwa hiyo kiasi nacho lazima kiwe nayo angalau mara mbili, la sivyo tutaishia kwenye namba juu ya sifuri kama katika jibu lililotangulia. Tunagawanya huku herufi zikiwa ndani:

```
2 |  1   -3    3    a       b
  |       2   -2    2     2a+4
  ----------------------------
     1   -1    1   a+2   b+2a+4

2 |  1   -1    1   a+2
  |       2    2    6
  -------------------
     1    1    3   a+8
```

Baki zote mbili lazima ziwe sifuri. Kutoka kwa ya pili, a ni -8. Kutoka kwa ya kwanza, b ni -2a - 4, yaani 12. Tumerudi kwenye mfano wetu, na kikomo ni 3.

Wengi hutumia sharti la kwanza peke yake, kwamba kiasi kiwe sifuri pale x inapokuwa 2, kisha hukwama na mlinganyo mmoja wenye herufi mbili na kulalamika kwamba swali halijakamilika. Wengine hubahatisha, kwa mfano a iwe -7 na b iwe 10, ambazo kweli zinatimiza sharti hilo, kwani 10 - 14 + 4 ni 0. Lakini baki ya mzunguko wa pili inakuwa 1 badala ya 0, wakati ile ya asili katika mzunguko huo huo ni 0. Sehemu inaishia kuwa 1/0 baada ya kukata mara moja, na kikomo ambacho swali limesema kipo kinakuwa hakipo.